Barua niliyoiandika upya baada ya ankara ya maji ya uniti 114

Ankara iliingia kwenye simu tarehe 4 Machi, saa moja jioni: uniti 114, shilingi 205,200. Nyumba yetu ina watu watano, na kwa mwezi huwa tunatumia uniti 14 au 15. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja mpaka salio likaisha. Nikachukua daftari la mwanangu na kuandika barua usiku uleule.

Nainukuu hapa kidogo, kwa sababu naamini wengi wameshaandika inayofanana nayo: "Nyinyi ni wezi wakubwa mnaojificha nyuma ya ofisi ya umma. Msoma dira wenu ni mlevi, hajawahi kukanyaga kwangu, anajaza namba akiwa kilabuni. Mnanyonya wananchi. Msiporekebisha haraka mtanitambua." Ilijaa ukurasa mmoja na nusu. Nilipoimaliza nilihisi nimeshashinda.

Asubuhi nilimpelekea jirani yetu, mzee aliyestaafu ukarani wa masjala, anisaidie anwani tu. Aliisoma yote kimya, akaomba kalamu. "Mwanangu," akasema, "nitapiga mstari chini ya kila sentensi ambayo mtu wa ofisini anaweza kuinuka kitini akaenda kuihakikisha." Mistari ilikuwa mitatu: jina langu, namba ya akaunti, na kiasi cha ankara.

Akanieleza barua inavyotembea, naye ameishi nalo jambo hilo miaka mingi. Ikifika masjala hupigwa muhuri, hupewa namba, na mkubwa huandika pembeni jina la atakayeishughulikia. Inayosema "ankara namba fulani ina kosa la usomaji" huenda kwa watu wa ankara. Inayosema "nyinyi ni wezi" huenda kwa mwanasheria au kwa ofisa uhusiano, na huko hakuna mtu mwenye kazi ya kufungua akaunti yako. Unajibiwa kuhusu matusi, huku uniti 114 zikibaki palepale.

Sasa barua yangu ilibaki na sentensi tatu, na sentensi tatu hazitoshi. Ilibidi nitafute za kuongeza. Hapo ndipo nilipoisoma ankara yenyewe kwa mara ya kwanza. Usiku ule nilikuwa nimetazama jumla tu. Juu yake kulikuwa na mistari miwili niliyoiruka: usomaji uliopita 1,268, usomaji wa sasa 1,382. Mzee akaniuliza, "Dira yako leo inasoma ngapi?" Sikujua.

Twende taratibu hapa, maana hapa ndipo kesi nyingi za maji huamuliwa. Kwenye dira nyingi za majumbani tarakimu nyeusi ndizo uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tarakimu nyekundu, au zile zenye kizingo chekundu, ni sehemu ya uniti, na hazihesabiwi kwenye ankara. Ukizichanganya na nyeusi utapata namba ya kutisha, na utapeleka lalamiko litakaloanguka siku hiyohiyo. Nilifuta kioo kwa kitambaa, nikasoma nyeusi peke yake: 1,286.

Nilisoma mara tatu. Ilikuwa tarehe 5 Machi, na dira ilikuwa haijafika namba ambayo ankara ilidai imesomwa tarehe 27 Februari. Dira nzima hairudi nyuma. Sikuhitaji kubishana zaidi ya hapo. Na jambo hili, lenye nguvu kuliko yote, halikuwamo kabisa kwenye barua yangu ya kwanza. Hasira ilikuwa imekaa mahali pake.

Nilipiga picha mbili: moja ya karibu inayoonyesha tarakimu, nyingine ya mbali kidogo inayoonyesha namba ya dira iliyochongwa kwenye mwili wake. Picha ya tarakimu bila namba ya dira inaweza kuwa ya dira yoyote.

Kisha nikafunga mabomba yote ya ndani na valvu ya tenki, nikakaa nusu saa nikitazama kile kigurudumu kidogo cha katikati. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, bomba linavuja upande wako, na maji hayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa yako. Changu hakikutikisika. Nilifanya hivyo kwa sababu jibu la kwanza la ofisi huwa "kagua kama kuna uvujaji", nami nilitaka jibu hilo liwe limeshakwisha kabla halijatolewa.

Nilikuwa pia nimepiga hesabu ya ndoo: uniti 114 ni ndoo 5,700, karibu ndoo 190 kila siku. Niliipenda sana hesabu ile. Mzee aliiondoa. Alisema inathibitisha kwamba matumizi ni makubwa, haithibitishi kwamba hayakutokea, na karani anaweza kujibu kwamba labda tenki lilifurika. Ushahidi usiojibika ukiwa nao, usiuweke jirani na hoja inayojibika, kwa sababu watajibu ile nyepesi.

Barua iliyotoka ni hii. Nimeondoa majina na namba za akaunti tu.

Meneja,
(Jina la mamlaka na S.L.P.)

5 Machi

YAH: KOSA LA USOMAJI KATIKA ANKARA YA FEBRUARI, AKAUNTI NAMBA ____, DIRA NAMBA ____

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ankara ya Februari inaonyesha usomaji wa tarehe 27 Februari kuwa 1,382, kutoka 1,268 wa tarehe 28 Januari. Kwa hiyo nimetozwa uniti 114 kwa shilingi 1,800 kila uniti, jumla shilingi 205,200. Hii ni zaidi ya mara saba ya ankara zangu za kawaida.

Leo tarehe 5 Machi saa 3:20 asubuhi dira inasoma 1,286. Picha mbili zimeambatishwa. Usomaji wa 1,382 haukuweza kupatikana siku sita zilizopita kwenye dira ambayo leo haijaifikia namba hiyo. Inawezekana usomaji sahihi ulikuwa 1,283, tarakimu zikapishana wakati wa kuandikwa. Ikiwa ndivyo, matumizi yangu ni uniti 15, sawa na shilingi 27,000.

Nimefunga mabomba yote kwa dakika 30, na dira haikuzunguka.

Naomba: (1) dira isomwe upya mbele yangu, (2) ankara irekebishwe, (3) nipewe namba ya malipo ya shilingi 27,000, kiasi ambacho sikibishii, nikilipe sasa, (4) huduma isisitishwe kwa ajili ya kiasi kinachobishaniwa mpaka lalamiko hili lijibiwe.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya tarehe 19 Machi. Nisipoyapata, nitawasilisha lalamiko hili EWURA pamoja na nakala ya barua hii.

Wako mtiifu,
(Saini, jina, simu)

Viambatisho: picha 2, nakala ya ankara ya Februari, nakala za ankara tatu zilizotangulia.

Aliyezoea kufoka ataiona barua hii imelegea. Mimi naiona kali kuliko ile ya kwanza. "Mtanitambua" haina tarehe wala mlango wa kugonga. "Kabla ya tarehe 19 Machi" ina vyote viwili, na anayeisoma anajua kwamba barua hiihii inaweza kusomwa siku moja na mdhibiti, mbele yake. Ombi la tatu nalo lina kazi kubwa: anayelipa anachodaiwa kihalali hawezi kuitwa mkwepaji, na ni vigumu zaidi kumkatia maji.

Neno "inawezekana" niliandika kwa makusudi. Nilijua namba ni ya uongo. Sikujua imeingiaje. Ukidai jambo usilolijua, likikutwa si kweli, linavuta chini na yale unayoyajua.

Nilitoa nakala mbili. Moja niliiacha masjala, ya pili nikagongewa muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe, na karani akaweka saini. Usiondoke bila huo muhuri, hata ukiambiwa rudi baadaye. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kupokelewa lenye namba ya lalamiko na ulihifadhi.

Kuhusu EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji hapa Tanzania Bara: hatua ya kwanza ni kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa hiyo muhuri ule ndio utakaoonyesha kwamba ulianzia alipotakiwa. EWURA CCC, baraza la watumiaji, huwasaidia wananchi wasiojua pa kuanzia. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Walio Kenya, mdhibiti wenu wa maji ni WASREB.

Nisikufiche, kesi yangu ilikuwa nyepesi. Ukienda kwenye dira ukakuta inalingana na ankara, barua hii haikufai. Hapo anza na kigurudumu. Kikizunguka mabomba yakiwa yamefungwa, mwite fundi kabla hujamwandikia mtu. Kikitulia, hoja yako ni dira yenyewe: omba ipimwe usahihi wake, na uulize mapema gharama inabebwa na nani ikikutwa nzima. Angalia pia kama miezi iliyopita ulitozwa kwa makadirio. Kama walikukadiria chini kwa miezi mitatu kisha wakasoma kweli, uniti zote zilizobaki huja kwa mkupuo, na huenda kweli umezitumia. Hapo ombi la haki ni kulipa kwa awamu.

Wakaguzi wawili walikuja siku ya saba. Walisoma dira nikiwa nimesimama nao, 1,289, wakaandika fomu na mimi nikasaini. Tarehe 17 Machi nilipokea barua ya ukurasa mmoja: ankara imerekebishwa kuwa uniti 15, shilingi 27,000, ambazo nilikuwa nimeshalipa.

Kulikuwa na sentensi moja zaidi. Kumbukumbu za msoma dira zilionyesha 1,283, kosa lilitokea ofisini wakati wa kuingiza namba kwenye mfumo. Yule kijana alikuwa amefika kwangu tarehe 27, akainama kwenye shimo la dira juani, akasoma sawasawa. Mwisho wa Machi alikuja tena. Nilimkaribisha maji ya kunywa, tukasoma dira pamoja, nami nikapiga picha yangu.