Ratiba ya chakula cha shule: anza na gramu

"Nina watoto 150 na bajeti finyu, na bei sokoni hazitulii. Nipangeje chakula cha mchana bila watoto kupunjwa?"

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga kwa majina: Jumatatu hiki, Jumanne kile. Wiki ya tatu kitu kimoja kikaadimika, na mpishi akaziba pengo kwa maji. Tangu hapo naanza na gramu za chakula kikavu kwa kila mtoto, majina yanafuata.

Kwa umri wa shule ya msingi naweka nafaka gramu 120, maharage au kunde gramu 40 na mafuta gramu 10. Hapo mtoto anapata takriban kilokalori 650, zaidi kidogo ya theluthi ya mahitaji yake ya siku. Kwa watoto wako ni kilo 18 za nafaka, kilo 6 za maharage na kilo moja na nusu ya mafuta kila siku. Nafaka moja ikipanda bei, weka nyingine kwa uzito uleule. Viazi usivibadilishe hivyo, maana sehemu kubwa ni maji: gramu 120 zake zinatoa kama robo tu ya nishati ya nafaka.

Bajeti ikibana, mkono hukimbilia kupunguza maharage. Mimi hapo sikubali. Protini ya nafaka ina kidogo laisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini, na maharage ndiyo yanayoijaza, kwa hiyo ukiyapunguza hata ile ya nafaka mwili hauitumii vizuri. Afadhali kubadilisha aina ya kunde.

Lakini usidanganyike na bei ya gunia. Niliwahi kufurahia maharage ya bei ya kutupa, kumbe yalikaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu. Yalibandikwa alfajiri, kengele ya chakula ikalia bado yanagonga meno, na kuni za siku mbili zimeteketea. Kuloweka hakukusaidia, yalivimba vizuri tu. Sasa kabla ya kulipa naomba vikombe viwili vya sampuli, naloweka usiku kucha na kuyachemsha pembeni ya maharage ninayoyajua. Yakichelewa sana kubonyea kati ya vidole, siyachukui.

Kwenye mboga naandika tu "majani ya kijani ya msimu", mpishi anunue yaliyojaa sokoni wiki hiyo. Linganisha bei baada ya kuchambua: fungu la bei nafuu lenye mashina mengi linaweza kuwa ghali kuliko lile la pembeni yake.

Jambo la mwisho ni kopo la kupimia. Jikoni kwetu hakuna anayepima gramu, kwa hiyo nilipima nafaka kwenye mizani mara moja, nikachora mstari wa msumari ndani ya kopo kwa kiasi cha watoto 10. Kila asubuhi mpishi anaulizia waliohudhuria, si walioandikishwa, na kuhesabu makopo. Ukibadilisha nafaka, chora mstari mpya, kwa sababu kopo la unga na kopo la punje hayana uzito mmoja.