Kupanga matangazo ya kazi kwa alama: neno "kodi" lilivyonidanganya

Nilipokuwa natafuta kazi, nilichoshwa na kusoma matangazo marefu mpaka mwisho ndipo nigundue hayanihusu. Nikaamua lahajedwali ianze kuyachuja.

Shiti ya kwanza niliiita Ujuzi. Safu ya A ina maneno ya ujuzi wangu, safu ya B ina uzito wa kila neno: hasibu 3, kodi 3, mishahara 2, bajeti 2, simami 1, Excel 1. Nimeandika "hasibu" kwa makusudi, maana mzizi huo unanasa mhasibu, wahasibu na uhasibu. "Simami" nayo inanasa msimamizi, usimamizi na asimamie.

Shiti ya pili ina jina la kazi kwenye A na tangazo zima kwenye B. Bofya seli mara mbili kabla ya kubandika, la sivyo kila mstari utaangukia seli yake. Alama zinatoka hapa, kwenye D2:

```
=SUMPRODUCT(ISNUMBER(SEARCH(Ujuzi!$A$2:$A$7,B2))*Ujuzi!$B$2:$B$7)
```

SEARCH inatafuta kila neno bila kujali herufi kubwa au ndogo. Likipatikana, uzito wake unajumlishwa, mara moja tu hata kama limerudiwa mara kumi.

Tangazo moja lilisema: "Mhasibu atakayeandaa bajeti, mishahara na hesabu za kodi." Likapata 10. Jingine: "Msimamizi wa kampuni ya kukodisha magari. Ajue Excel, asimamie madereva na bajeti." Hilo likapata 7, nami sikuelewa kwa nini, mpaka nilipoliona neno "kodi" limejificha ndani ya "kukodisha".

Nikaweka nafasi mbele na nyuma ya neno hilo kwenye orodha, yaani " kodi ", ili litafutwe likiwa peke yake. Kazi ya magari ikashuka hadi 4, sawasawa. Lakini ile ya uhasibu nayo ikashuka hadi 7, kwa sababu baada ya "kodi" kulikuwa na nukta, si nafasi. Kwa hiyo sasa nasafisha maandishi kwanza kwenye C2:

```
=" "&SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,","," "),"."," "),CHAR(10)," ")&" "
```

CHAR(10) ni pale mstari unapokatika. Kisha kwenye fomula ya alama badilisha B2 iwe C2. Ile 10 ilirudi. Mizizi kama "hasibu" iache bila nafasi. Kama kompyuta yako inakataa mkato ndani ya fomula, tumia nukta-mkato kutenganisha sehemu zake.

Buruta fomula chini, panga kuanzia alama kubwa, halafu soma yale ya juu kwa macho yako. Fomula haijui kwamba "si lazima kujua kodi" ni tofauti na "lazima", wala haioni sharti usilolitimiza. Na tangazo refu hupata alama nyingi kwa wingi wa maneno tu.

Mimi husoma pia mawili matatu ya mkiani. Humo ndimo nilimokuta waajiri wanaoandika "malipo ya wafanyakazi" badala ya mishahara, nikaliongeza kwenye orodha kwa uzito wa 2 na kusogeza mwisho wa masafa hadi safu mlalo ya 8.