Vimulimuli kabla ya kichwa kuuma

"Naona vimulimuli kama dakika 20, kisha kichwa kinagonga upande mmoja. Ni miwani?"

— Presha ya macho hiyo, kapime.

— Kupima si vibaya, ila mwanga wa msumenomsumeno unaotanuka polepole, tena unaonekana hata ukifunika jicho lolote, mara nyingi ni kipandauso. Kila kikija, andika saa 48 zilizotangulia: usingizi, mlo ulioruka, kahawa, hedhi. Usikimbilie kulaumu chokoleti. Hamu yake yaweza kuwa shambulio limeshaanza. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwone daktari mbadilishe, maana vinaongeza hatari ya kiharusi. Ukipoteza uoni ghafla, au mkono ukilegea, hospitali papo hapo.

— Mimi huanza kwa ganzi vidoleni, bila mwanga. Ni hichohicho?