Laki nane kabla au baada ya makato?

"Tunafunga ndoa Desemba. Mchumba wangu ni mwalimu, anasema analipwa laki nane. Kuna la kuuliza zaidi kuhusu hela?"

Lipo, mdogo wangu. Muoneshane salari slipu. Kama hiyo laki nane ni mshahara wa msingi na alisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 inakatwa, yaani 120,000 kila mwezi hadi deni liishe. Bado kodi, mfuko wa hifadhi na mkopo wa benki kama upo. Wa mume wangu niliugundua tukiwa tumeshaoana, umebakiza miaka minne!

Kisha uliza anatuma kiasi gani kwao, na ada ya mdogo wake inaisha lini. Usimwambie aache. Nawe taja unachotuma kwenu. Hapo ndipo sisi tulinuniana.