Amri ya mkubwa inamkinga askari mpaka wapi?

Swali: Wakili, salamu. Mdogo wangu ni mwanajeshi wa FARDC, jeshi la Kongo, yuko Kivu Kaskazini. Anauliza: kamanda akimwamuru apige risasi watu waliokwisha kukamatwa, naye akakataa, si ataitwa mwasi? Na akitii, hawezi kusema mahakamani kwamba aliamriwa tu?

Jibu: Dada, kwa amri ya namna hiyo, kusema "niliamriwa" hakutamwokoa. Kumpiga risasi mtu aliyeshikwa na asiye na silaha ni uhalifu wa kivita, na hakuna askari atakayeaminiwa akidai hakujua.

Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kifungu cha 33 cha mkataba huo kinaruhusu utetezi wa amri pale tu mambo matatu yanapokutana: askari awe alibanwa na sheria kutii, awe hakujua kwamba amri ni haramu, na uharamu wenyewe usiwe wa dhahiri. Likikosekana moja, utetezi umeanguka. Amri ya kufanya mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu huhesabiwa kuwa haramu dhahiri siku zote.

Najua atakachouliza baada ya hapo: je, kama kamanda amemwelekezea bunduki? Huo ni utetezi mwingine, wa kushurutishwa, na ndipo kesi ya Dražen Erdemović inapofundisha. Alikuwa askari wa kawaida katika jeshi la Waserbia wa Bosnia. Tarehe 16 Julai 1995 kikosi chake kilipelekwa kwenye shamba la Branjevo, karibu na Pilica. Mabasi yakaanza kuwasili na wanaume Waislamu kutoka Srebrenica. Walishushwa kumi kumi, wakapangwa mstari, wakapigwa risasi. Erdemović alieleza kwamba alikataa, akaambiwa kama hataki akasimame nao kwenye mstari. Akapiga. Alikadiria kuwa siku ile waliuawa watu wapatao 1,200, na yeye mwenyewe aliua kama 70.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Yugoslavia ya zamani ilifuata kanuni ileile iliyokuwa kwenye mahakama ya Rwanda kule Arusha: amri haifuti hatia, ila inaweza kupunguza adhabu. Kuhusu kushurutishwa, majaji wa rufaa waligawanyika mwaka 1997. Watatu walisema tishio la kuuawa halimwondolei askari hatia ya kuua wasio na kosa, wawili walipinga. Mwaka 1998 alihukumiwa miaka 5, badala ya 10 ya hukumu ya kwanza, kwa sababu tishio lilikuwa la kweli, alikiri mwenyewe, na alikuwa askari wa chini kabisa.

Mkataba wa Roma umelegeza kidogo hapo. Kifungu cha 31 kinakubali kushurutishwa kama utetezi, lakini tishio liwe la kifo au majeraha makubwa, liwe karibu kutimizwa, na askari asikusudie madhara makubwa kuliko yale anayoyakimbia. Hofu ya kuhamishwa, kunyimwa mshahara au kufungwa haifiki hapo.

Jambo moja katika kesi ile watu hulisahau, na mimi naliona zito. Siku hiyohiyo, baada ya Branjevo, kikosi kilitakiwa kwenda kuua watu wengine kama 500 waliofungiwa katika ukumbi wa Pilica. Erdemović alikataa, na baadhi ya wenzake wakakataa naye. Hawakuuawa. Ndiyo maana mahakama huuliza kwa undani: nani alikutishia, kwa maneno gani, na wenzako waliokataa walifanywa nini?

Sasa hofu yake ya kuitwa mwasi. Kifungu cha 28 cha Katiba ya Kongo kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Lakini kinaendelea kusema kwamba mzigo wa kuthibitisha uharamu huo ni wa yule aliyekataa. Hapo ndipo askari wengi wanaweza kunaswa. Akiamriwa kushambulia nyumba ambayo wamepewa taarifa kuwa ina wapiganaji, hawezi kukataa kwa sababu tu ana wasiwasi. Amri yenye shaka ya namna hiyo sheria inamtaka aitii, na ikija kugundulika kuwa ndani walikuwa raia, kifungu cha 33 cha Mkataba wa Roma kinaweza kumlinda.

Kwa hiyo amri ikiwa ya kuua waliokamatwa, aombe irudiwe wenzake wakisikia, ajibu waziwazi kwamba hao ni mateka na hatapiga, asikimbie na silaha wala kuondoka kambini, maana atakuwa amewapa kosa jingine la kumshtakia. Mapema iwezekanavyo aandike saa, mahali, jina la aliyeamuru na waliosikia, kisha ayafikishe kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi. Nakala moja ya maandishi hayo ukae nayo wewe.