Seli haielei tu mwilini, imeshika kitu

Swali la wiki: "Kama mwili mzima ni seli ndogondogo, mbona mtu akianguka hamwagiki kama uji? Seli zimeshikiliwa na nini?"

Mi kazi yangu ni kukuza seli kwenye maabara ya chanjo za mifugo, karibu kila wiki nabandua seli kwenye chupa na kuzihamishia chupa nyingine, kwa hiyo hili swali huwa naliona kwa macho kabisa.

Kwanza mwili sio seli tupu. Kati ya seli na seli kuna vitu ambavyo seli zenyewe zimevitengeneza zikavitoa nje, kamba za protini pamoja na ute unaoshika maji, na vyote kwa pamoja vinaitwa matriksi ya nje ya seli. Sehemu nyingine ni kidogo tu, ila ukienda kwenye kano, mfupa au gegedu unakuta matriksi ndo imejaa na seli zenyewe ni chache, moja huku nyingine kule.

Kamba kubwa humo ndani ni kolajeni. Kama umewahi kupika makongoro unaijua tayari, ile supu ikilala usiku asubuhi unakuta imeganda inatikisika, hiyo ni kolajeni iliyofumuliwa na moto wa muda mrefu ikawa jelatini. Kabla ya kupikwa ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama ukili, na zinaweza kubanana vile kwa sababu kila uzi ni mnyororo wa asidi amino, vipande vidogo vinavyojenga protini, na kila baada ya mbili inakuja glisini, ambayo ndo ndogo kuliko zote, so ndo pekee inayoenea pale katikati ya msokoto. Ikiwekwa nyingine kubwa mahali pake msokoto unaharibika, na kuna watoto wanazaliwa na mifupa inayovunjika ovyo kwa kosa moja tu la namna hiyo.

Sasa msokoto peke yake hautoshi, maana seli inapotengeneza kolajeni inabidi iongeze kipande kidogo cha oksijeni na haidrojeni kwenye asidi amino inayoitwa prolini, na kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi hakiendelei bila vitamini C. Bila hicho kipande msokoto unaanza kufumuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, ukiwa nacho unafika karibu 40. Mwili wetu uko 37! Yaani mtu asiyekula matunda wala mboga kwa miezi, kolajeni mpya anayotengeneza haiwezi kusimama kwenye joto la mwili wake mwenyewe, na hicho ndo kiseyeye, fizi zinatoka damu na meno yanalegea. Kuna kisa cha safari ya Anson, yule mwanamaji Mwingereza aliyezunguka dunia kuanzia 1740, baharia wake mmoja alikuwa na majeraha ya vita yaliyopona zaidi ya miaka 50 nyuma, kiseyeye kilipompata yakafunguka tena kama hayajawahi kupona. Hicho kisa kinanigusa kila nikikikumbuka kwa sababu kinaonyesha kovu sio kitu kilichokwisha, mwili unalibomoa na kulisuka upya muda wote, ukikosa vifaa vya kusukia, linaachia.

Haya, hizo ni kamba, lakini kamba ikiwepo bila mkono wa kuishika haisaidii. Mkono wa seli ni protini inayoitwa integrini. Imepita kwenye ngozi ya seli, kichwa kiko nje na mkia mfupi uko ndani, na ni vipande viwili vilivyoungana, alfa na beta. Sisi binadamu tuna alfa za aina 18 na beta 8, zikiunganishwa zinatoa integrini 24 tofauti, ndo maana moja inashika kolajeni yenyewe na nyingine inashika fibronektini, protini nyingine ya matriksi ambayo ni kama gundi ya katikati. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba kwenye fibronektini, ndefu vile, kinachoshikwa hasa ni asidi amino tatu tu zilizofuatana, arginini, glisini na asidi aspatiki. Kwa ndani ule mkia unashikwa na protini nyingine inayoitwa talini, na talini inashika nyuzi za aktini ambazo ndo kiunzi cha seli, kwa hiyo ukivuta kamba ya nje unavuta mpaka ndani ya seli. Integrini moja inashika kwa ulegevu na inaachia upesi, nguvu inakuja zikijikusanya nyingi sehemu moja.

Sasa njoo kwenye chupa yangu. Natumia seli za Vero, zilitoka kwenye figo ya tumbili huko Japani mwaka 1962. Ukizimwaga kwenye chupa zikiwa na seramu ya ndama, yaani maji ya damu yanayobaki ikishaganda, fibronektini na wenzake walioko kwenye seramu wananasa kwenye plastiki, integrini zinawashika, na baada ya saa kadhaa seli iliyokuwa duara inayong'aa unaiona kwenye hadubini imejilaza bapa. Kuzibandua unatumia vitu viwili kwa pamoja. Kemikali inayoitwa EDTA inanyang'anya kalsiamu na magnesiamu, na integrini bila hizo madini haiwezi kushika, halafu kimeng'enya kinachoitwa tripsini kinakata protini zenyewe. Kwenye nyuzijoto 37 dakika tatu mpaka tano zinatosha, seli zinarudi kuwa duara, unagonga chupa kidogo pembeni zinateleza.

Kipindi naanza kazi kuna siku zilikataa kabisa kutoka, dakika tano hamna kitu, nikaongeza tripsini, nikaacha karibu nusu saa, mwishowe zikatoka kwa mabonge ya utelezi, na kesho yake nyingi zilikuwa bado zinaelea. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza sikuzisuuza, seramu ilibaki chupani na seramu ina protini inayozima tripsini, pia ina kalsiamu inayomaliza EDTA. La pili, nilipoongeza dozi na muda, tripsini ikakata hadi integrini na vitu vingine vya juu ya seli, na yale mabonge ni DNA ya seli zilizopasuka. Seli iliyokatwa mikono inabidi itengeneze mingine ndo ishike tena, na seli nyingi za kawaida zikikaa muda bila kushika chochote zinajiua zenyewe, maana kule kushika ndo kunakoipa seli taarifa kwamba iko mahali pake. Seli za saratani nyingi zimejifunza kuishi bila hiyo taarifa, ndo zinaweza kusafiri kwenye damu na kwenda kuota kwingine.

Siku hizi nasuuza mara mbili kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu wala magnesiamu, sikai mbali na hadubini, na nikiona duara tu namwaga seramu kuisimamisha tripsini. Ila hiyo ni kwa chupa. Ukiniletea kipande cha figo kibichi tripsini haitoshi, kolajeni iliyosokotwa vizuri hairuhusu ikate, inabidi kolajinasi, kimeng'enya cha bakteria wanaoozesha nyama, na hata hicho kinachukua nusu saa mpaka saa nzima huku unatikisa. Kwa hiyo ndugu muulizaji, ukianguka, ardhi inapambana na huo msokoto kwanza kabla haijafika kwenye seli.