Betri 4 kwa kituo cha afya? Mkuu, simama hapo hapo

*"Wakuu, naandaa ripoti ya mfumo wa sola kwa kituo cha afya kijijini huku Kakonko. Muuzaji kasema betri 4 za AH 200 zinatosha siku mbili kwa sababu 4 x 200 x 12 ni wati-saa 9,600. Naomba mnikosoe. Pia paneli ziwe wati ngapi, na matengenezo niyawekeje?"*

Usisaini hiyo ripoti. Hiyo 9,600 naijua, nilishaandikiwa na mimi kwenye kikaratasi cha risiti, namba ile ile, na yule jamaa wa dukani akaipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu kana kwamba kagundua kitu. Mimi nilikuwa nasimamia kituo kimoja huko ndani Sikonge, na kwa kuwa nilisoma umeme kidogo nikajiona naelewa. Bora nisingesoma, ningeuliza.

Kosa liko hivi. Betri ya risasi iliyoandikwa AH 200 sio dumu la maji la lita 200 kwamba utachota mpaka tone la mwisho. Ukitaka ikae miaka, nusu tu ndio yako, nusu nyingine ni ya betri yenyewe, usiiguse. Kwa hiyo 9,600 inakuwa 4,800. Halafu umeme unapita kwenye inveta, na inveta inakula njiani, weka asilimia 10, unabaki na 4,320. Hapo bado hujawasha hata taa.

Sasa mzigo. Jamaa wa duka aliniuliza "mna nini na nini", nikamtajia taa, friji ya maabara, laptopu na simu, akajumlisha ya usiku akapata kama wati-saa 1,600, akagawa 9,600 kwa 1,600 akasema una usiku sita hapo mzee, hata mvua inyeshe wiki nzima nyie mnatazama mpira. Nikacheka naye. Nililipa nikicheka.

Tukafunga, miezi ya mwanzo ya kiangazi safi. Ilipofika Novemba mvua zikaanza, inveta ikawa inapiga kelele saa saba usiku na kuzima, wanazalishia kwa tochi ya simu. Nikaenda kulala pale siku mbili na kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, kitu cha bei ndogo ambacho ningetakiwa kuwa nacho kabla ya kununua hata skrubu. Usiku wa kwanza tu sista wa zamu akanicheka, "kaka, hii mashine ya oksijeni ulidhani tunaiwasha kwa maombi?" Konsentreta ya oksijeni. Wati 350. Haikuwepo kwenye orodha kwa sababu mchana nilipokuja kuhesabu ilikuwa imefunikwa kitambaa kwenye kona.

Usiku halisi wa pale, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, ulikuwa hivi: taa 8 za wati 9 kwa masaa matano ni 360, taa tatu zisizozimwa (chumba cha kuzalishia, wodi na ya nje) ni 324, friji wati 120 lakini kompresa inafanya kazi kama nusu ya muda, 720. Laptopu na simu 200. Inveta yenyewe, hata usipochomeka kitu, ilikuwa inakula wati 30 muda wote, hiyo ni 360 bure. Oksijeni masaa sita 2,100. Jumla karibu 4,060. Linganisha na ile 4,320. Usiku sita wangu ulikuwa usiku mmoja, tena wa bahati. Akija mgonjwa anayehitaji oksijeni mpaka asubuhi umekwisha.

Na inveta haikulindi, usidanganyike. Ile yangu ya volti 24 ilitoka dukani ikiwa imewekwa kuzima kwenye volti 21, ambayo ni betri tupu kabisa, sio nusu. Kwa hiyo kila ikizima ujue ulishapita nusu masaa kadhaa nyuma. Fundi aliyefunga hakuigusa, kwake kazi iliisha taa ilipowaka na soda ikanywewa.

Halafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Mwezi wa nane hivi tangu tufunge nikarudi duka lile lile (ndio, lile lile, msinicheke), akaniambia ongeza mbili mpya pembeni. Nikaziunga sambamba na zile nne zilizochoka. Betri nzee zinavuta mpya, mpya zinakesha zinazibeba, na zote sita zikafa ndani ya mwaka. Dalili ilikuwepo ila niliifurahia: chaji kontrola ilikuwa inasema zimejaa saa tatu asubuhi, nikajua paneli zangu ni moto. Kumbe betri ilishagandana ndani, haina pa kuweka umeme, inajaa haraka kama kikombe na kuisha saa tatu usiku.

Kwa hiyo kwenye ripoti yako anza na usiku, sio na betri. Pima usiku, zidisha kwa usiku mbili kwa ajili ya mawingu ya Novemba mpaka Aprili, gawa kwa 0.9 ya inveta, ndio ugawe kwa 0.5. Kwangu ingekuwa 8,120, halafu 9,020, halafu kama 18,040. Hiyo ni betri NANE za AH 200, au, kwa inveta ya volti 48, seli 24 za volti mbili za AH 400 ambazo mimi ndio ningechukua, mstari mmoja, hakuna kuunga sambamba. Na hapo hujaweka akiba ya uzee. Ukienda lithiamu gawa kwa 0.8 badala ya 0.5, utapata kama 11,300, bei kubwa ila piga hesabu ya miaka kabla hujakataa. Na soma lebo vizuri: AH 200 iliyoandikwa C100 ni betri ndogo kuliko AH 200 ya C10, maana imepimwa ikitolewa umeme polepole kwa masaa 100. Wewe utaitoa kwa usiku mmoja.

Paneli nazo lazima zirudishe ulichokula. Sisi na mchana tulikuwa tunafika kama 7,000 kwa siku, nikigawa kwa masaa 4.5 ya jua la masika na 0.7 ya upotevu ni wati 2,200. Tulikuwa na 1,200. Hazikuweza hata kulipa deni la usiku peke yake.

Friji ya chanjo usiiweke humu kabisa, iwe na paneli zake. Birika la umeme na pasi, breka tofauti au marufuku, mimi nilizikuta zote mbili.

Matengenezo, kama utaandika kitu kimoja tu andika daftari: mlinzi au sista asome volti kila siku saa 12 asubuhi kabla jua halijagusa paneli. Kwa mfumo wa volti 24, ikianza kusomeka chini ya 24.2 asubuhi mfululizo, mnakula ile nusu isiyo yenu, punguzeni kitu siku hiyo hiyo. Sisi hatukuwa na daftari. Tulikuwa na risiti yenye mstari mwekundu, bado ninayo.

Tuma orodha yako ya mzigo hapa kabla hujalipa. Na nenda kafunue vitambaa kwenye kona zote, usiku.